Kistari Kinachogeuza Deni

Mtu aliyezoea biashara za huku kwetu akiona kwenye ankara pameandikwa "129,800/-" haumizi kichwa. Anasoma shilingi laki moja na ishirini na tisa elfu na mia nane, basi. Ule mstari wa mshazari na kistari kinachoufuata ni desturi ya tangu enzi za shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 1921. Kushoto kwa mshazari zinakaa shilingi, kulia zinakaa senti, na kama senti hakuna unachora kistari. Wengine huchora vistari viwili, "/=", na maana inabaki ile ile.

Karatasi hiyo ikipita kwenye skana, kisha ikaachiwa programu inayosoma maandishi ndani ya picha, mambo yanaweza kugeuka. Mshazari ukiwa mwembamba, au umegusana na tarakimu ya mwisho, programu huuruka. Kinachobaki ni "129,800-". Na katika mifumo mingi ya uhasibu kistari kilichowekwa mwishoni mwa namba ni alama ya kutoa. Fedha unayodaiwa imehamia upande wa pili, ikawa fedha unayodai, na hakuna aliyegusa kitu.

Mara nyingi zaidi hutokea kinyume chake: alama halali ya kutoa hupotea, na punguzo ulilopewa likaongezwa juu ya deni. Kila anayepokea ankara za karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta kwa kuskani, kuanzia duka la jumla lenye karani mmoja hadi hospitali yenye idara nzima ya hesabu, hukutana na jambo hili. Linatibika. Ila kwanza lazima tutenganishe aina mbili za alama ya kutoa, maana moja hujitaja yenyewe kwa hesabu ya darasa la nne, na nyingine haiwezi kujitaja kabisa.

Alama iliyo ndani ya karatasi

Tuchukue duka la mfano mjini Morogoro, linalouza soda za chupa kwa jumla. Kila juma gari la msambazaji hushusha kreti zilizojaa na kupakia tupu. Ankara yake, bei zote zikiwa zimeshajumuisha VAT, ina mistari mitatu. Wa kwanza ni kreti 60 za soda kwa shilingi 12,980 kila moja, jumla 778,800. Wa pili ni amana ya kreti na chupa zake, 60 kwa shilingi 10,000, jumla 600,000. Wa tatu ni kreti tupu 55 zilizorudishwa, ambazo amana yake inatolewa: 550,000. Chini kabisa pameandikwa 828,800, ndiyo fedha ya kulipa.

Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Msambazaji mmoja ataandika -550,000.00, mwingine (550,000.00), mwingine 550,000.00-, na mwingine 550,000.00 CR. Njia hizi zote ni sahihi na zote zina historia yake. Mabano ni mazoea ya wahasibu. Kistari cha mwishoni kimetokana na mifumo mikubwa ya zamani, na hata leo ripoti za SAP huweza kutoka hivyo. Wapo pia wanaochapa kiasi hicho kwa wino mwekundu bila alama nyingine yoyote, na huo ndio mtindo mbaya kuliko yote kwa anayeskani, kwa sababu skana ikiwekwa kwenye nyeusi na nyeupe, nyekundu inatoka nyeusi kama namba nyingine zote. Au haitoki kabisa.

Kwa nini alama hizi hupotea kirahisi hivyo? Fikiria ukubwa wake. Kistari cha unene wa sehemu tatu za kumi za milimita, kikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, kinapata nukta tatu au nne za unene. Ukiskani kwa nukta 100, ili faili liwe jepesi kutumwa kwa simu, kinapata nukta moja tu. Hapo inakuja hatua ambayo programu nyingi za kuskani huifanya bila kuuliza: kusafisha madoa. Programu hutafuta vijidude vidogo vinavyosimama peke yake na kuvifuta, ikidhani ni vumbi. Tarakimu 5 haiwezi kudhaniwa vumbi. Kistari kinaweza. Kistari cha mwishoni kina hatari ya ziada, kwani mara nyingi hukaa nje kidogo ya safu ya namba, na programu iliyofundishwa kukata safu kwa upana fulani hukiacha nje ya mkasi.

Mabano yana tabia tofauti, na tabia yake inasaidia. Bano la kushoto husomwa kama tarakimu 1, la kulia vivyo hivyo. Badala ya (550,000.00) unapata 1550,000.00, au 550,000.001. Angalia vizuri: namba ya kwanza ina tarakimu nne kabla ya mkato wa elfu, na ya pili ina sehemu tatu baada ya nukta. Hakuna mfanyabiashara anayeandika fedha hivyo. Programu, au karani mwenye jicho, akikuta mpangilio wa mikato uliovunjika, asikimbilie kuurekebisha. Arudi kwenye picha, kwa sababu karibu kila mara pale palikuwa na bano.

Turudi Morogoro. Tuseme alama imepotea, na mstari wa tatu umeingia kama 550,000 chanya. Jumlisha: 778,800, na 600,000, na 550,000, unapata 1,928,800. Karatasi yenyewe inasema 828,800. Tofauti ni 1,100,000. Igawe kwa mbili, unapata 550,000, na kiasi hicho kimo ndani ya ankara, kwenye mstari wa kreti tupu. Tayari umempata mkosaji.

Kipimo hicho ni cha kale na kila mhasibu aliyefundishwa vizuri anakijua. Namba ikikaa upande usio wake, kosa huwa mara mbili ya namba yenyewe: mara ya kwanza kwa kutokutolewa ilipopaswa kutolewa, mara ya pili kwa kuongezwa isipopaswa. Kwa hiyo swali la kwanza mistari isipolingana na jumla si "nani kakosea?" bali "nusu ya tofauti hii imo wapi?" Programu nzuri ya kupokea ankara hufanya hivyo yenyewe: hujumlisha mistari, huilinganisha na jumla iliyochapwa, na ikiona tofauti hutafuta mstari wenye nusu ya tofauti hiyo na kumwonyesha karani mahali pa kutazama. Imwonyeshe tu. Isibadilishe kimyakimya, kwa sababu mistari miwili inaweza kuwa na kiasi sawa, na moja tu kati yake ndiyo yenye alama.

Hapa niseme wazi jambo ambalo limeharibu vitabu vingi. Zipo programu ambazo mistari isipofika kwenye jumla huongeza mstari wao wenyewe wa "marekebisho ya senti" ili mambo yaende. Mstari huo una kazi yake halali, maana kukokotoa VAT kwa kila bidhaa na kukadiria kwa shilingi nzima huacha tofauti ya shilingi mbili tatu. Lakini usipowekewa kikomo utameza hata milioni moja na laki moja. Kikomo kiwe shilingi chache, na kinachozidi hapo kisimamishe ankara.

Alama ya karatasi yenyewe

Ile ilikuwa aina rahisi. Sasa tuje kwenye aina ya pili.

Siku mbili baada ya gari kuondoka, duka linagundua kwamba kreti 10 kati ya zile 60 zina chupa zilizojaa nusu. Msambazaji anakubali kuzichukua na anatoa krediti noti, yaani karatasi inayopunguza deni la ankara iliyotangulia. Imeandikwa hivi: kreti 10 kwa shilingi 11,000 kabla ya kodi, jumla 110,000. VAT ya asilimia 18, kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara, ni 19,800. Jumla kuu 129,800. Hakuna kistari popote, hakuna mabano, hakuna CR. Kinachosema kwamba fedha hii inatolewa ni maneno mawili tu yaliyoandikwa juu ya karatasi: CREDIT NOTE.

Jaribu sasa ile hesabu ya darasa la nne. 10 mara 11,000 ni 110,000, sawa. Asilimia 18 ya 110,000 ni 19,800, sawa. Ukijumlisha unapata 129,800, sawa tena. Kila kipimo kinapita. Karatasi hii ikiingizwa kama ankara ya kawaida, hakuna hesabu iliyo ndani yake itakayopiga kelele, kwa sababu alama haimo ndani ya namba. Imo kwenye jina la karatasi. Ndiyo maana makosa ya aina hii hukaa kwenye leja kwa miezi: kila aliyeikagua karatasi aliikuta iko sawa.

Jina lenyewe nalo linasomeka kwa taabu kuliko inavyodhaniwa. Mara nyingi limo ndani ya nembo au limechapwa kwa herufi nyeupe juu ya rangi, na programu hulipita. Kinyume chake pia hutokea. Ankara nyingi zina masharti kwa herufi ndogo chini, yakisema krediti noti haitatolewa baada ya siku kadhaa. Programu inayotafuta maneno hayo popote kwenye ukurasa itayakuta kwenye masharti na kuigeuza ankara halali kuwa punguzo. Kisha kuna mtego wetu wenyewe. Vitabu vya ankara vinavyouzwa madukani huwa na kichwa cha CASH SALE au CREDIT SALE, na hiki cha pili maana yake ni mauzo ya mkopo: umechukua mali, bado hujalipa. Kina neno lile lile, lakini kinaongeza deni badala ya kulipunguza. Anayenunua kutoka Goma au Bukavu atakutana na karatasi za Kifaransa zenye neno AVOIR, na programu iliyofundishwa Kiingereza peke yake italiacha lipite.

Kwa hiyo jina lisiwe shahidi pekee. Shahidi wa pili ni rejeo. Krediti noti iliyoandikwa vizuri hutaja namba ya ankara inayoipunguza, wakati ankara ya kawaida hutaja oda au haitaji kitu. Shahidi wa tatu ni namba ya karatasi, maana wasambazaji wengi huzipa krediti noti mfululizo wake, labda zikianza na CN. Mashahidi wawili wakikubaliana, iingie. Wakipingana, iende kwa mtu.

Wanaotumia ankara za kielektroniki zisizo na karatasi wameondokana na ubishi huu kwa sehemu kubwa. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya aina za nyaraka, ambayo kiwango cha Ulaya cha EN 16931 kinaitumia, ankara ya biashara ni 380 na krediti noti ni 381. Nambari hiyo huja ndani ya faili, hakuna wa kubahatisha. Lakini karatasi iliyoskaniwa haina nambari hiyo, na sisi bado tuna karatasi nyingi.

Kugeuza mara mbili

Tuseme mfumo umetambua kwamba hii ni krediti noti. Kazi imebaki moja: kuzipa namba zake alama ya kutoa. Inaonekana rahisi, na hapa ndipo wengi wanapoanguka kwa mara ya pili.

Wasambazaji wamegawanyika. Mmoja anachapa 129,800 chini ya kichwa cha krediti noti. Mwingine, chini ya kichwa hicho hicho, anachapa (129,800). Wote wanasema jambo moja. Mfumo unaogeuza alama ya kila krediti noti utampatia wa kwanza jibu sahihi, na wa pili utamgeuza kuwa chanya, kwa sababu hasi ikigeuzwa inarudi ilikotoka. Matokeo kwenye leja ni yale yale ya kuikosa krediti noti kabisa na kuiingiza kama ankara.

Wengine, wakishaumwa na kosa hilo, huamua kutupa alama zote zilizochapwa, wachukue namba tupu, kisha waweke kutoa mbele ya kila moja. Hiyo nayo haifai. Msambazaji wetu angeweza kukata gharama ya kurudisha mzigo ndani ya krediti noti hiyo hiyo: kreti 10, 110,000, usafiri wa kurudisha, (10,000), jumla kabla ya kodi 100,000, VAT 18,000, jumla kuu 118,000. Mstari wa usafiri unakwenda kinyume na mwenzake. Ukitupa alama na kuweka kutoa kila mahali, mistari itakupa hasi 120,000 huku jumla ikisema hasi 100,000. Tofauti ni 20,000, na nusu yake, 10,000, ndiyo ule usafiri ulioonewa.

Njia iliyo sawa ni kuichukulia karatasi kama kitu kimoja. Soma namba zote kama zilivyochapwa, na alama zake. Hakikisha zinajumlika zenyewe kwa zenyewe. Kisha tazama jumla kuu peke yake. Kama ni krediti noti na jumla kuu ni chanya, zidisha kila namba ya karatasi nzima kwa hasi moja: mistari, VAT, jumla. Kama jumla kuu tayari ni hasi, usiguse kitu. Kwa mfano wetu mistari inakuwa hasi 110,000 na chanya 10,000, VAT hasi 18,000, jumla hasi 118,000. Uhusiano wa namba ndani ya karatasi haujavunjwa, na karatasi nzima imekaa upande wake.

Ankara ya kawaida nayo inaweza kuwa na jumla kuu hasi. Juma ambalo duka limerudisha kreti tupu nyingi na kuchukua zilizojaa chache, msambazaji ndiye atakayedaiwa, ingawa kichwa cha karatasi bado kinasema ankara. Hapo hakuna kugeuza. Iingie ilivyo.

Na ile CR nayo iangaliwe inakotoka. Kwenye ankara na taarifa za msambazaji maana yake kiasi hicho kinapunguza deni lako. Kwenye taarifa ya benki maana yake fedha imeingia kwako. Kanuni moja ya kusoma CR kama kutoa kwa nyaraka zote itapindua taarifa nzima ya benki.

Inapofika kwenye leja

Leja ya mtindo wa pande mbili haikujengwa juu ya namba hasi. Luca Pacioli alipochapisha maelezo yake ya uhasibu huo mjini Venisi mwaka 1494, kupungua kwa deni kulionyeshwa kwa kuandika kiasi kwenye safu ya upande wa pili, bila alama yoyote. Mpangilio huo ndio tunaoutumia hadi leo. Ankara ya msambazaji inaingia upande wa krediti wa akaunti yake katika vitabu vyetu, kwa sababu tunamdai kidogo na kudaiwa zaidi. Karatasi yake ya kupunguza, ingawa yeye anaiita krediti, kwetu inaingia debiti, maana aliipa jina kwa kutazama vitabu vyake, si vyetu. Karani mgeni akifuata jina la karatasi ataiweka upande ule ule wa ankara, na programu haitamzuia.

Programu nyingi za uhasibu zina ukurasa maalumu wa krediti noti za wasambazaji. Utumike huo, na kiasi kiandikwe chanya, kwa kuwa ukurasa wenyewe ndio unaobeba alama. Kuingiza ankara yenye kiasi hasi kunaweza kuleta salio sahihi, lakini kunaivuruga orodha ya manunuzi na kufanya iwe vigumu kuiunganisha krediti noti na ankara yake. Hili ni swali la kuuliza kabla ya kuunganisha skana na leja: kati ya vyombo viwili hivi, nani anaigeuza alama? Mmoja tu. Wakigeuza wote wawili, tumerudi kule kule.

Kuna tundu jingine ambalo krediti noti hupotelea kimya. Mifumo mingi huzuia ankara kuingia mara mbili kwa kutazama msambazaji na namba ya karatasi. Msambazaji asiye na mfululizo tofauti akitoa krediti noti kwa namba ile ile ya ankara anayoirekebisha, mfumo unaidhania nakala na kuitupa. Dawa ni kuongeza aina ya karatasi kwenye kipimo hicho, ili ankara na krediti noti zenye namba moja zihesabiwe kuwa karatasi mbili.

Sasa tufunge mwezi wa duka letu. Mwanzoni lilidaiwa 1,240,000. Limelipa 1,240,000 hizo zote. Ankara ni 828,800, krediti noti ya 129,800 ni ile ya kwanza, isiyo na gharama ya usafiri. Salio sahihi ni 699,000. Taarifa ya msambazaji inakuja mwisho wa mwezi, na inasema 699,000. Leja ya duka inasema 958,600.

Toa: 259,600. Gawa kwa mbili: 129,800. Ndiyo ile krediti noti, imekaa upande usio wake. Kama tofauti ingekuwa 129,800 kamili, basi karatasi haikuingia kabisa, na mahali pa kutafuta ni kwenye zilizokataliwa kama nakala au kwenye droo ya dereva. Kama tofauti ingegawanyika kwa tisa bila baki, ningeanza kushuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, 54 ikaandikwa 45. Vipimo hivi vitatu havithibitishi kitu peke yake, kwa kuwa makosa mawili ya kiasi tofauti yanaweza kuchanganyika na kuleta namba isiyofanana na lolote. Lakini vinaonyesha pa kuanzia, na mara nyingi kosa ni moja.

Ona pia kwamba taarifa ya msambazaji ndiyo iliyoliibua kosa. Hesabu za ndani ya karatasi zilikuwa zimepita zote. Kwa alama ya karatasi yenyewe hakuna mlinzi mwingine anayefika kila mahali, na duka lisilolinganisha leja na taarifa za wasambazaji wake kila mwezi litalipa zaidi bila kujua, mpaka siku msambazaji atakapoamua kurudisha kwa hiari yake.

VAT nayo imeharibika. Kodi ya manunuzi ya ankara ni 118,800, yaani 1,980 kwa kila kreti. Ikiondolewa ya krediti noti, duka linastahili kudai 99,000. Leja iliyokosea inadai 138,600. Zile 39,600 za ziada ni mara mbili ya 19,800, na safari hii anayedaiwa isivyo halali si duka bali mamlaka ya mapato, ambayo inaweza kuiona kwa kulinganisha na mauzo aliyoyatangaza msambazaji.

Kusahihisha kuna hatua mbili, na wengi huishia kwenye ya kwanza. Usifute ingizo la zamani, hasa kama mwezi umeshafungwa, kwani mkaguzi atataka kuona kilichotokea. Weka kwanza ingizo la kulibatilisha, debiti 129,800, lenye maelezo na namba ya karatasi. Leja inashuka kutoka 958,600 hadi 828,800. Hapo karani anaona kosa limeondoka na anafunga kitabu, kumbe krediti noti yenyewe bado haijaingia. Tofauti na msambazaji sasa ni 129,800, ishara ile ile ya karatasi isiyoingia. Hatua ya pili ni kuiingiza upya kama krediti noti, ikiunganishwa na ankara yake, na leja inafika 699,000. VAT ifanyiwe hivyo hivyo, mara mbili 19,800, na kama ritani ya mwezi huo imeshawasilishwa, rekebisho litangazwe kwa utaratibu wa mamlaka ya mapato badala ya kupachikwa kimya kwenye mwezi unaofuata.